Lugha ya Kufungua na Kufunga Barua ya Likizo

Katika ofisi nyingi za Tanzania, barua ya kuomba likizo huanza kwa maneno "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Maneno haya yamezoeleka mno, lakini "husika" hapo ni kitenzi cha kuamrisha, na mwombaji hana nafasi ya kumwamuru mwajiri wake. Anayependa kurejelea kichwa cha barua aandike "Kichwa cha habari hapo juu chahusika," au aache kukirejelea kabisa na kuingia moja kwa moja katika ombi, jambo ambalo sisi wakufunzi wa mawasiliano ya kiofisi tunalipendelea, kwa kuwa msomaji ameshakiona kichwa hicho.

Kitenzi cha ombi kinachofaa ni "ninaomba." "Nataka" hudai, na "ningependa" hueleza matamanio bila kuomba chochote. "Ningeomba" husikika ya upole katika mazungumzo, ila kwenye maandishi hubeba sharti lisilotajwa, hivyo msomaji hubaki akijiuliza ungeomba kama nini kingetokea.

Wapo wanaohofu kwamba kuomba ni kujishusha mbele ya haki yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini inamwachia mwajiri kupanga wakati wa kuichukua. Kinachoombwa basi ni tarehe, na sentensi ya kwanza iseme hivyo. Mtunza ghala anaweza kuandika:

"Ninaomba kuanza likizo yangu ya mwaka ya siku 28, kuanzia tarehe 2 Juni hadi tarehe 29 Juni, na kurejea kazini tarehe 30 Juni."

Neno "yangu" limehifadhi haki, "ninaomba" limehifadhi heshima, na tarehe ya kurejea imemwondolea mkuu wake kazi ya kuhesabu. Aya inayofuata itaje atakayeshika funguo za ghala kwa kipindi hicho.

Kwenye kufunga, makosa hutokea pale mwombaji anapoandika "Asante kwa kunikubalia," kana kwamba uamuzi umeshatolewa. "Natanguliza shukrani" haina tatizo hilo, maana hushukuru kabla ya jibu bila kulitaja jibu lenyewe. Ikiwa tarehe zinaweza kugongana na kazi nyingi, kwa mfano ghala linapofanya hesabu ya mali mwishoni mwa Juni, ni vyema kutanguliza sentensi hii: "Nitashukuru endapo ombi langu litakubaliwa, na iwapo tarehe hizi hazifai, nipo tayari kupangiwa nyingine." Hapo shukrani zimekwisha kutolewa, na "Natanguliza shukrani" haina haja ya kufuata tena.

Chini yake huja "Wako mtiifu," kisha saini, jina kamili na cheo.