Uso, Chupa na Jina: Kusoma Tangazo la Manukato Ngazi kwa Ngazi

Mtengenezaji wa sabuni anaweza kuonyesha doa likitoka kwenye nguo, na mtengenezaji wa gari anaweza kuonyesha gari likipanda mlima, lakini mtengenezaji wa manukato hana la kuonyesha, kwa kuwa harufu haipigwi picha wala haichapishwi. Anachoweza kuweka kwenye ukurasa ni chupa, na chupa haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani yake. Kwa sababu hiyo tangazo la manukato hulazimika kuazima maana kutoka mahali pengine na kuihamishia kwenye bidhaa, na uazimaji huo, ambao katika matangazo mengine hufunikwa na maelezo ya matumizi na ubora, hapa hubaki wazi. Ndiyo sababu wanasemiotiki, yaani wataalamu wanaochunguza jinsi ishara zinavyobeba maana, wamelipenda sana tangazo la aina hii.

Mfano tutakaousoma ni tangazo la Chanel Na. 5 la miaka ya 1970, lenye uso wa mwigizaji wa Kifaransa Catherine Deneuve, ambalo Judith Williamson alilichambua katika kitabu chake kuhusu matangazo kilichotoka mwaka 1978. Zana tutakazotumia ni za mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes, aliyezieleza katika maandishi yake ya mwaka 1957 na 1964. Yeye mwenyewe alianzia kwa mwanaisimu wa Uswisi Ferdinand de Saussure, aliyefundisha kwamba ishara ni muungano wa pande mbili: kiashiria, yaani umbo linaloonekana au kusikika, na kiashiriwa, yaani dhana ambayo umbo hilo huiamsha akilini.

Ngazi ya kwanza ni maana ya msingi, na kazi yake ni kutaja kilichopo na kuishia hapo. Tukilitazama tangazo letu hivyo, tunaona picha ya uso wa mwanamke iliyopigwa kwa karibu. Nywele zake ni za rangi ya dhahabu na macho yake yanamwelekea mtazamaji. Pamoja naye kuna chupa ya pembe nne yenye kimiminika cha manjano na lebo nyeupe yenye herufi nyeusi. Yapo pia maneno machache yanayotaja jina la mwanamke, jina la kampuni na jina la manukato. Chupa haiko mkononi mwake, haangalii chupa hiyo, wala hakuna kisa chochote kinachoviunganisha vitu hivi viwili. Vimewekwa tu pamoja kwenye ukurasa mmoja.

Ngazi hii huonekana rahisi, na ndipo wasomaji wengi hukosea. Mwanafunzi akiombwa aeleze maana ya msingi, mara nyingi huandika kwamba anaona mwanamke mrembo, wa tabaka la juu, mwenye utulivu. Hayo si maelezo ya kilichopo, bali ni hukumu iliyokwisha kuingia ngazi ya pili bila yeye kujua. Kipimo kizuri ni kujiuliza kama mtu asiyemfahamu Deneuve, asiyejua sinema za Ufaransa na asiye na mazoea na magazeti ya mitindo angekubaliana na kila neno uliloandika. Angekubali kwamba kuna uso, nywele na chupa. Utulivu na tabaka angeuliza umevitoa wapi. Ni kweli kwamba hata maana ya msingi haiko safi kabisa, kwa kuwa aliyepiga picha alichagua umbali, mwanga na pembe. Hata hivyo, kuitenganisha kwa makusudi kuna faida kubwa: huonyesha ni kiasi gani cha tunachodhani tumekiona tumekileta wenyewe.

Maneno nayo yanahitaji kuangaliwa. Barthes alisema kwamba picha peke yake huelea kati ya maana nyingi, na kwamba maandishi huitia nanga, yaani huchagua maana moja kati ya zile zinazowezekana. Bila jina, uso huu ungeweza kuwa wa mtu yeyote, na tangazo lingeweza kuwa la krimu, la hereni au hata la saluni. Jina la Deneuve linatuelekeza kwa mtu mmoja mahususi, na jina la Chanel linatueleza ni kwa nini yuko pale. Kilicho cha ajabu ni kwamba maandishi hayasemi lolote kuhusu harufu, na nanga imetiwa kwenye mtu tu.

Ngazi ya pili ni maana ambata. Hapa ishara nzima ya ngazi ya kwanza, uso pamoja na dhana ya Deneuve, hugeuka kuwa kiashiria cha kitu kingine, nacho ni umaridadi wa Kifaransa, ubaridi fulani usiofikika na uzuri wa mtu mzima asiyehitaji kujieleza. Lakini tunajuaje kwamba maana hizi zimo kwenye tangazo, na si katika mawazo ya mchambuzi peke yake? Semiotiki ina jaribio lake, la ubadilishaji: ondoa kipengele kimoja, weka kingine cha aina hiyohiyo, kisha uangalie kama maana inabadilika. Ikibadilika, kipengele kile kilikuwa na kazi, na isipobadilika, huna haki ya kukipa maana kubwa.

Bahati nzuri soko lenyewe lilitufanyia jaribio hilo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Fabergé ilitangaza manukato yaliyoitwa Babe kwa kumtumia Margaux Hemingway, mwanamitindo wa Kimarekani na mjukuu wa mwandishi Ernest Hemingway. Katika tangazo ambalo Williamson aliliweka sambamba na la Chanel, Hemingway amevaa vazi la karate, na nywele zake zimefungwa nyuma. Bidhaa zote mbili ni kimiminika chenye harufu ndani ya chupa, na zote zimeuzwa kwa umaarufu wa mwanamke, ilhali mmoja anasimamia utulivu wa kike wa desturi na mwingine anasimamia ujana, nguvu na uasi. Hoja ya Williamson ni kwamba Deneuve hana maana hiyo peke yake. Anaipata kwa kuwa si Hemingway, na tofauti iliyokwisha kuwepo kati ya nyuso mbili katika ulimwengu wa sinema na mitindo huhamishiwa kwenye chupa mbili ambazo zenyewe zingekuwa vigumu kutofautishwa kwa macho. Mtazamaji ndiye anayefanya uhamisho huo, kwa sababu tangazo halisemi popote kwamba manukato haya yanafanana na mwanamke huyu. Limeacha pengo, nasi tunalijaza haraka kiasi kwamba tunasahau kuwa kulikuwa na pengo.

Jaribio hilohilo hutuzuia tusizidishe. Rangi ya manjano ya kimiminika, kwa mfano, humvutia mchambuzi aseme kwamba ni dhahabu, na dhahabu ni utajiri. Inawezekana, lakini manukato mengi ya bei ya chini yana rangi hiyohiyo, na kwa hiyo rangi peke yake haitofautishi chochote. Unyofu wa chupa una nguvu zaidi, kwa kuwa zipo chupa nyingi za manukato zilizojaa maua na mapambo. Tukiweka moja ya hizo mahali pa hii, maana ya kujizuia hupotea palepale.

Sasa tufike kwenye kisasili, neno ambalo hapa halimaanishi hadithi za asili ya ulimwengu. Kwa Barthes, kisasili ni namna ya kusema inayokigeuza kilichotengenezwa na watu katika historia kionekane kuwa ni maumbile, jambo ambalo ndivyo lilivyo na halihitaji kuelezwa. Wengi hukichukulia kama maana ambata iliyo kubwa zaidi, nami nadhani hapo ndipo somo hili hupotoshwa mara nyingi. Tofauti haiko katika ukubwa. Maana ambata inasema kwamba Deneuve ni maridadi. Kisasili kinakwenda hatua nyingine: kipo kitu kiitwacho Uke wa Kifaransa, kilichokuwepo tangu zamani, ambacho wengine wanazaliwa nacho, na ambacho kwa bahati njema kimewekwa ndani ya chupa.

Ili kisasili kifanye kazi, ni lazima ishara ipunguziwe historia yake. Deneuve halisi alizaliwa Paris mwaka 1943 na akaigiza kwa waongozaji waliotofautiana sana. Mwaka 1967 aliigiza katika filamu ya Luis Buñuel kama mke wa tabaka la kati anayefanya kazi mchana kwenye danguro. Tangazo halilifuti hilo. Linalisogeza mbali, likachukua ubaridi wake na kuacha kisa chake, huku kisa kikibaki kama akiba ya kuupa uso ule ladha ya siri. Kwamba mwaka 1985 uso wake ulichukuliwa kuwa kielelezo cha sanamu ya Marianne, nembo ya Jamhuri ya Ufaransa, kunaonyesha jinsi uso mmoja ulivyokwisha kuzoeleka kubeba taifa zima.

Chupa nayo imepunguziwa historia. Manukato ya Chanel Na. 5 yalitolewa mwaka 1921, na aliyeyachanganya ni Ernest Beaux, mtu aliyezaliwa Moscow na kujifunza ufundi wake huko. Sifa yao iliyojulikana zaidi ilitokana na aldehaidi, kemikali zinazotengenezwa maabara, zikiwa pamoja na yasmini ya Grasse, mji wa kusini mwa Ufaransa, ambayo huchumwa kwa mikono. Mwaka 1924 biashara ya manukato hayo iliingia katika kampuni ambayo Gabrielle Chanel mwenyewe, mwanamitindo aliyeyapa jina lake, alibakiwa na asilimia 10 tu, na mgogoro wake na familia ya Wertheimer iliyoishika ulidumu kwa miaka mingi. Maabara, Moscow, wachumaji maua na mikataba: hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye ukurasa, na lau kimoja kingeonekana, wazo kwamba umaridadi ule umetoka moja kwa moja katika asili ya mwanamke na nchi yake lisingesimama. Hivyo ndivyo kisasili kinavyotambulika: rudisha historia iliyoondolewa, uone kama kile kilichodhaniwa kuwa maumbile kinatikisika.

Usomaji huu una mpaka wake. Unaeleza jinsi ujumbe ulivyojengwa, wala hauwezi kusema ni nani alinunua chupa, wala kwa nini. Yuko mtazamaji asiyemfahamu Deneuve, na kwake tangazo linabaki karibu kabisa na ngazi ya kwanza. Yuko pia anayelisoma kwa kejeli. Kujua hayo kunahitaji kuwahoji watu, na hiyo ni kazi ya utafiti wa aina nyingine.

Kuna jambo moja la baadaye linalosaidia kupima hoja hii. Katika miaka ya 1980 magazeti ya Marekani yalianza kubeba vipande vya karatasi vilivyotiwa manukato, ambavyo msomaji alivifungua na kunusa. Kama picha ingekuwa imewekwa tu kwa sababu harufu haichapishwi, hapo ingekuwa imemaliza kazi yake, na karatasi yenye harufu pamoja na jina la bidhaa vingetosha. Nyuso hazikuondoka. Kipande cha karatasi kilibandikwa kando yao, na msomaji akawa ananusa huku akitazama.