Tipu kwenye mashine ya kadi: ya kabla ya namba ya siri na ile inayokuja nyuma

Mimi niko upande wa kadi kwenye benki hapa Malindi, na malalamiko ya tipu nayapokea sana, hasa msimu wa wageni. Lakini lililonifanya niandike hii si la mgeni, ni la mzee wetu mmoja mwenye boti za kuvulia. Alikuwa ametoka kumtembelea bintiye Marekani, walienda kula, bili ikaja dola 48 na meseji ya benki ikasema 48 vilevile. Karudi nyumbani, anaangalia stetimenti anakuta 57. Akaja kwangu amefura: "Mwanangu, hawa wameniibia dola tisa na nyinyi mumewatizama tu!"

Nikamuuliza, mzee, ile karatasi uliyotia sahihi, uliandika kitu? Akanyamaza kidogo. Alafu akasema bintiye ndo alimwambia aandike tisa pale chini, huko ni lazima umwachie weita chochote.

Basi hapo hakuna wizi. Kadi ikipita kwenye mashine, pesa haziondoki pale pale. Mashine inauliza benki yako, huyu ana dola 48? Benki inasema anazo, inatoa namba ya idhini na kuzishikilia, yaani bado zimo kwenye akaunti lakini huwezi kuzigusa. Kuchukuliwa hasa ni baadae, mkahawa ukifunga hesabu ya siku na kutuma orodha ya mauzo yote. Kule Marekani mikahawa mingi inaombea idhini bili tupu, kisha unaletewa karatasi yenye mstari wa TIP na mwengine wa TOTAL, unajaza kwa kalamu na kutia sahihi. Weita anarudi kwenye mashine peke yake, anafungua ile malipo ya 48, anaongeza 9, na usiku orodha inatoka na 57. Benki inaitambua kwa ile namba ya idhini na inalipa, manake kanuni za mitandao ya kadi zinaruhusu mkahawa kuzidi kidogo ile idhini kwa ajili ya tipu, na kipimo kilichozoeleka ni asilimia 20. Kwa bili ya 48 hiyo ni dola 9.60, kwa hivo 9 imepita bila shida. Ikizidi hapo benki ya mteja inaweza kuikataa ile ziada, na hapo anayeumia ni mkahawa.

Meseji nayo haikudanganya, ilikuja wakati wa idhini na wakati ule tipu haikuwa imezaliwa. Ila kuna kitu kinawashtua watu zaidi ya hiki: saa zingine mfumo hauoanishi ile 57 na ile 48, basi kwa siku kadhaa unaona 57 imekatwa na 48 bado imeshikiliwa, kama kwamba umelipa mara mbili. Ile iliyoshikiliwa hujiachia yenyewe. Lakini kama kadi yako ni ya akaunti ya kawaida na ulikuwa na kidogo, zile siku utazisikia.

Sasa rudi Malindi. Hapa mambo ni tofauti sababu ya chipu na namba ya siri. Ukichomeka kadi, chipu inatengeneza kama muhuri wa malipo, na ndani ya muhuri huo kiasi kimo. Ukibonyeza namba ya siri umekubali kiasi kile unachokiona kwenye skrini, si kingine. Kwa hivo haifai mtu aje baadae aongeze tipu juu yake, na ile ruhusa ya kuzidi niliyoitaja haikuwekwa kwa malipo ya namna hii. Ndo maana mashine za huku, zikiwa zimewashwa kipengele cha tipu, zinauliza kabla.

Chukua mfano, mumekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, bili ni shilingi 3,600. Weita anaandika 3600, skrini inatoa TIP na vibonyezo vya asilimia, 5, 10, 15, na NO TIP pembeni. Ukibonyeza 10 inaongeza 360, inaandika TOTAL 3,960, ndo kadi inaingia na namba ya siri inafuata. Idhini ni moja ya 3,960, meseji ni moja, stetimenti vilevile. Ukitapu badala ya kuchomeka ni hivo hivo, ila tipu inaweza kuuvusha jumla juu ya kiwango cha kutapu bila namba, basi usishangae mashine ikikudai namba kwa bili ambayo peke yake ingepita kimya kimya.

Makosa ya huku yanatokea pale unapoandika mwenyewe. Mashine moja inataka uandike tipu, nyengine inataka jumla, na skrini haisemi wazi. Nimeona mtu anayetaka kutoa 400 kaandika 4000 akidhani anaulizwa jumla, mashine ikajumlisha ikawa 7,600, naye macho yako kwa watoto wanaokimbilia ufukweni, kabonyeza namba ya siri, imekwenda. Mwengine aliandika 10 akitaka asilimia kumi, weita akapata shilingi kumi, na wallahi alimkasirikia mtu wa watu bure! Kabla ya namba ya siri dawa ni kibonyezo chekundu, mnaanza upya. Baada yake mwambie keshia aifute siku hiyo hiyo kabla hawajafunga hesabu, hapo inakufa pale pale kwenye mashine. Wakishafunga inakuwa ni kurudishiwa pesa, na hiyo ni siku kadhaa za kungoja.

Pia tizama bili kabla ya asilimia, pengine huduma ishajumlishwa mle ndani, na mashine haijui, inapiga asilimia juu ya chochote ilichoandikiwa.

Na kama kipengele cha tipu hakijawashwa, weita atakwambia "tupitishe tena ya tipu", yaani malipo ya pili kabisa yenye idhini yake na meseji yake. Si kosa, ila chukua risiti zote mbili, manake ukija kwetu na meseji mbili za mkahawa mmoja, dakika tatu mbali, kitu cha kwanza tutakachofikiri ni kwamba umekatwa mara mbili.

Za apu zinafuata njia hizo hizo. Apu ya teksi (Lamu mjini huna haja nayo, punda hana apu) inakuuliza tipu ukishashuka, na idhini ya nauli ishachukuliwa. Nyengine inatuma tipu kama malipo ya pili, nyengine inangoja kidogo ijumlishe na nauli kisha itume kiasi kimoja. Apu ya chakula mara nyingi inaitia tipu kwenye oda tangu mwanzo, basi idhini inakuwa tayari na jumla. Ukitaka kujua yako ni ipi, linganisha risiti ya apu na meseji ya benki: risiti ikisema 850 na meseji 800, kuna 50 iko njiani.

Yule mzee alienda akaitafuta ile karatasi, akaikuta kwenye mfuko wa koti alilovaa huko kwa baridi. Kwenye mstari wa TIP kuna 9, mwandiko wake. Mstari wa TOTAL aliuacha mtupu, na hapo nikamwambia kusema kweli ana bahati, sababu mstari mtupu mtu yeyote anaweza kuujaza.