Umeachwa, kwa nini usikilize nyimbo za kulia?

"Ukiachwa acha nyimbo za huzuni, unajiongezea maumivu tu. Weka singeli uchangamke."

Hapana aisee, sio hivyo kwa wengi. Mwaka 2014 watafiti Taruffi na Koelsch waliwauliza watu zaidi ya 700 wanahisi nini wakisikiliza muziki wa huzuni, na jibu lililoongoza halikuwa huzuni, ilikuwa ile hali ya kukumbuka ya zamani, uchungu na utamu pamoja.

Chukua mtu yuko kwenye daladala saa moja usiku, earphone masikioni, taarabu ya taratibu inapigwa, fidla inavuta sauti kama mtu anayelia, na mwimbaji anasema kitu ambacho huyu msikilizaji kashindwa kumwambia hata dada yake. Hapo anajiona kumbe sio peke yake, na uchungu wenyewe sasa una maneno, una mwanzo na una mwisho, dakika zikiisha umeisha (taarabu zenyewe ndefu lakini, acha tu). Na wimbo haukudai chochote, haukwambii "si nilikuonya".

Ila kuna wanaoumia kweli, hasa wale wa kurudiarudia jambo kichwani. Utajijua hivi, wimbo umekwisha, umefuta machozi ukahisi wepesi, poa. Umeurudisha mara ya sita na unachungulia "last seen" yake, zima.