Kufupisha mjadala wa makala kuwa maandishi ya bango: dhana potofu na ukweli

Makala ya utafiti inapogeuzwa kuwa bango la kongamano, sehemu inayoumia zaidi ni mjadala. Matokeo huokolewa na grafu na jedwali. Mjadala hauna cha kuuokoa: ni maneno tu, mara nyingi elfu moja na zaidi, na kwenye bango la A0 lenye milimita 841 kwa 1189 utapewa pembe inayotosha maneno sitini au themanini.

Nitatumia mfano ambao watafiti wengi wa Kisumu wanaujua: jaribio la tohara ya wanaume lililofanyika mjini humo na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2007. Vijana 2,784 wa miaka 18 hadi 24, wasio na VVU, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipangiwa kutahiriwa mara moja, lingine likasubiri. Katika miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa asilimia 2.1 kwa waliopangiwa tohara na asilimia 4.2 kwa waliosubiri.

Dhana: Kufupisha ni kupunguza kila aya kidogo kidogo

Aya sita zilizopunguzwa kwa kiasi sawa hubaki aya sita, ila sasa kila moja inachechemea. Mjadala hufanya kazi nyingi kwa pamoja: hurudia matokeo, huyalinganisha na tafiti nyingine, hueleza sababu, hutaja mipaka, kisha hupendekeza hatua. Bango haliwezi kubeba kazi zote hizo. Kwa jaribio la Kisumu, ulinganisho na majaribio ya Orange Farm kule Afrika Kusini na Rakai kule Uganda unaweza kuondoka wote, pamoja na maelezo ya seli za govi ambazo virusi huziingia kwa urahisi. Dai halitatikisika. Kwa hiyo usianze kwa kufutafuta ndani ya faili la makala. Chukua karatasi tupu uandike mambo matatu tu: dai, ukubwa wake, na linakoishia.

Dhana: Mipaka ya utafiti hukaa chini kabisa, kwa herufi ndogo

Hapa ndipo mabango mengi huharibika, na mwandishi huwa na nia njema kabisa. Katikati kuna sentensi kubwa: "Tohara hupunguza maambukizi ya VVU kwa asilimia 53." Chini, karibu na shukrani na nembo za wafadhili, kuna mstari wa mipaka ambao hakuna aliyeinama kuusoma. Sentensi ile kubwa ikisimama peke yake, msomaji anaweza kuelewa kwamba wanaume 53 kati ya kila 100 hawawezi tena kuambukizwa. Anaweza pia kuelewa kwamba kinga hiyo inawafikia wake zao. Utafiti haukusema lolote kati ya hayo mawili.

Mpaka ni sehemu ya dai lenyewe, kwa hiyo uandikwe ndani ya sentensi ya dai au katika ile inayofuata, kwa herufi za ukubwa uleule. Mimi ningeandika hivi:

"Kwa vijana wa kiume wa miaka 18–24 mjini Kisumu, asilimia 2.1 ya waliopangiwa kutahiriwa walipata VVU ndani ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 4.2 ya waliosubiri. Hatari ilipungua kwa asilimia 53 (huenda kati ya 22 na 72). Kinga hii si kamili, na ilipimwa pamoja na ushauri nasaha na kondomu. Jaribio lilisimamishwa mapema. Halikupima kinga kwa wanawake."

Ni maneno yasiyofika sitini. Umri na mahali vimeingia mwanzoni bila kuhitaji sentensi yao. Zile asilimia mbili, 2.1 na 4.2, zinamzuia msomaji kuidhania 53 kuwa idadi ya watu waliokingwa. Masafa ya 22 hadi 72 yanaonyesha kwamba faida ipo, lakini ukubwa wake haujulikani kwa usahihi mkubwa. Tazama pia neno "waliopangiwa". Si kila aliyepangiwa alitahiriwa, na hesabu hii ilifuata mpango. Ukiandika "waliotahiriwa" utaokoa neno moja na kubadilisha kilichopimwa.

Dhana: Penye takwimu mbili, bango lichukue ile kubwa

Jaribio hilohilo lina takwimu nyingine: asilimia 60. Hiyo hupatikana baada ya kurekebisha kwa ajili ya wale ambao hawakufuata mpango, na kuwaondoa wanne waliogundulika kuwa tayari walikuwa na virusi wakati wa kuandikishwa. Si takwimu ya uongo. Lakini inahitaji maelezo hayo yote ili isimame, na bango halina nafasi ya maelezo hayo. Takwimu ya bango iwe ile inayotokana na mgawanyo wa awali, yaani 53. Ile ya pili ibaki mdomoni mwako, kwa atakayeuliza.

Dhana: Ukitaja mipaka, itaje yote

Makala inaweza kuwa na mipaka saba, na mingine imeandikwa kwa ajili ya wahakiki tu. Ijaribu mmoja mmoja: nikiuondoa huu, je, msomaji atafanya jambo tofauti akirudi kazini? Afisa wa afya kutoka Siaya asiyejua kwamba wanawake hawakupimwa anaweza kuwaahidi wanandoa kitu ambacho hakipo. Jaribio jingine la Rakai, lililochapishwa mwaka 2009, halikuona maambukizi kwa wapenzi wa kike yakipungua pale wanaume wenye VVU walipotahiriwa. Mpaka huo basi unabaki. Kusimamishwa mapema, Desemba 2006, kunabaki pia, kwa sababu majaribio yanayokatizwa faida inapoonekana mara nyingine huikuza faida hiyo kuliko ilivyo. Lakini kwamba tabia za ngono ziliripotiwa na washiriki wenyewe kunaweza kwenda. Dai kuu lilitokana na vipimo vya damu.

Dhana: Tahadhari haizidi kamwe

Wengine huogopa hadi wakaandika "matokeo yanaashiria kwamba huenda tohara ikahusishwa na kupungua kwa maambukizi". Kwa jaribio lililogawanya watu kwa bahati nasibu, hayo ni kulipunguzia haki yake. Sema wazi: "ilipunguza". "Inahusishwa" iwekwe akiba kwa tafiti za kuangalia tu, zile ambazo mtafiti hakugawa mtu kundi lolote. Na kaa na "ilipunguza", usiiache igeuke "hupunguza" wakati wa kubana maneno. "Ilipunguza" inazungumzia vijana wale, mahali pale. "Hupunguza" inazungumzia wanaume wote siku zote, na dai hilo linahitaji tafiti zaidi ya moja nyuma yake.

Dhana: Nitakuwa nimesimama hapo, nitaeleza

Utasimama saa moja, pengine mbili. Watu watapiga picha kwa simu wakielekea kwenye chai, na picha hiyo itaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha idara bila wewe. Kabla ya kulipeleka bango kwa mchapishaji pale mjini, mpe maandishi hayo mtu wa fani nyingine, mhasibu au mwalimu wa jiografia. Asome mara moja, kisha uyafunike na umuulize: "Ungemwambia nini kaka yako?" Akijibu kwamba aliyetahiriwa hahitaji tena kondomu, sentensi ya kinga isiyo kamili imekaa mahali pabaya. Isogeze juu, kisha mtafute msomaji mwingine ambaye bado hajayaona.