Mteja ameshalipa, sasa anabadilisha oda: jinsi ya kupata tofauti sahihi

Mteja wa Nakuru ameagiza vyombo kutoka duka la Nairobi linalouza mtandaoni: seti ya sufuria kwa shilingi 3,480, birika la umeme kwa 2,320 na vikombe sita kwa 1,160. Jumla ni 6,960. Ana kuponi ya asilimia 10, kwa hiyo amelipa 6,264 kwa M-Pesa, na nauli ya mzigo atamlipa mwenye gari mwenyewe. Saa mbili baadaye anapiga simu: birika ameshapewa zawadi, afadhali atoe hilo, awekewe blenda ya 4,060.

Wauzaji wengi hapa huchukua kikokotoo na kutoa 2,320 kwenye 4,060. Wanapata 1,740, wanamwomba mteja kiasi hicho, na biashara inaendelea. Hesabu hiyo ni makosa, na kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba halionekani mpaka mwisho wa mwezi.

Birika halikulipiwa 2,320. Lilibeba fungu lake la kuponi, kwa hiyo mteja alilitolea 2,088. Kitu kinapoondoka kwenye oda iliyolipwa, kinaondoka kwa bei iliyolipwa kweli, si kwa bei iliyoandikwa dukani. Blenda nayo, ikiwa kuponi bado inatumika kwa oda hiyo, inaingia kwa 3,654. Tofauti ni 1,566. Kwa hesabu ya kwanza mteja angelipishwa shilingi 174 zaidi. Na kama angetoa birika bila kuongeza chochote, duka lingemrudishia 2,320 badala ya 2,088, hasara ya 232 ambayo hakuna aliyekusudia.

Kuna aina ya punguzo inayohitaji uangalifu zaidi: lile la kufikia kiwango, mfano “nunua kuanzia 6,000 upate asilimia 10”. Mteja wetu akitoa birika tu, vilivyobaki vina thamani ya 4,640, chini ya kiwango. Je, punguzo linabaki? Kama masharti yaliandikwa waziwazi kabla hajalipa kwamba kiwango kikipotea punguzo nalo linapotea, basi anarudishiwa 6,264 kutoa 4,640, yaani 1,624, si 2,088. Kama hayakuandikwa, kwa maoni yangu duka limeze hiyo 464. Sharti linalozaliwa siku ya kurudisha pesa huleta ugomvi, na mteja atakuwa na haki ya kugomba.

Baada ya hesabu, simamisha mzigo kabla ya kugusa kitu kingine. Orodha ya kufungashia ikishachapishwa na kufika stoo, birika litaingia kwenye boksi hata kama kompyuta inasema limetolewa. Irudishe orodha ya zamani mkononi, uichane, na mpya iandikwe “toleo la 2”. Kisha mpe mteja muda wa kulipa nyongeza, tuseme mpaka saa kumi jioni kesho, na mkubaliane mapema kwamba asipolipa, oda ya kwanza inakwenda ilivyokuwa. Kutoa birika na kuongeza blenda ni makubaliano mamoja. Ukianza kuandika kwamba birika limetoka kabla 1,566 haijaingia, utabaki na oda nusu ambayo mteja hakuitaka na wewe hukuiuza.

Pesa ikidaiwa kuingia, itazame kwenye taarifa ya tili yako. Ujumbe wa M-Pesa uliotumwa na mteja kwa picha hauthibitishi malipo. Hali ikiwa kinyume, na duka ndilo linalodaiwa, rudisha kwenye namba ileile iliyolipa. Aliyeagiza na aliyelipa huenda ni watu wawili, na ombi la “nitumie kwenye namba hii nyingine” ni mlango wa matapeli. Aliyelipa kwa kadi arudishiwe sehemu ya muamala uleule, na aambiwe mapema kwamba benki inaweza kuchukua siku kadhaa.

Kwa upande wa kodi, ankara ya kwanza ya 6,264 ilishapelekwa kwa mamlaka ya kodi, KRA, kupitia mfumo wake wa ankara, eTIMS. Ikishapelekwa haifutwi wala haihaririwi. Husahihishwa kwa hati ya kupunguza ankara, ile wahasibu wanayoiita krediti noti, yenye namba ya ankara ya mwanzo. Kwa hiyo duka linatoa karatasi mbili: krediti noti ya birika kwa 2,088, ambamo VAT ya asilimia 16 ni 288, na ankara mpya ya blenda kwa 3,654, ambamo VAT ni 504. Ongezeko la VAT ni 216. Kishawishi ni kuandika ankara moja ya 1,566, kwa kuwa VAT yake nayo ni 216 na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini hakuna bidhaa dukani yenye bei ya 1,566. Kwenye vitabu birika litabaki limeuzwa ilhali liko kwenye rafu, na blenda iliyoondoka haitakuwa na karatasi. Pesa ndiyo inayolipwa kwa tofauti tu. Karatasi zinaonyesha kila kitu kwa thamani yake kamili.

Wanaoendesha duka la mtandaoni kwa programu ya WooCommerce wana mtego wao. Oda iliyolipwa hukaa kwenye hali ya “Processing”, na humo haihaririki. Mfumo wenyewe unakuelekeza uirudishe “Pending payment”. Usifanye hivyo. Hali hiyo inaiambia programu kwamba oda haijalipwa: bidhaa zinarudishwa kwenye hesabu ya stoo, na kama umeweka muda wa kushikilia bidhaa, ambao kwa kawaida huja umewekwa dakika 60, oda iliyotoka kwa mteja mtandaoni inaweza kufutwa yenyewe muda ukipita. Tena mteja akifungua kiungo cha kulipia ataombwa 7,830 nzima, si 1,566. Weka “On hold” badala yake. Hapo oda inaharirika na bidhaa zinabaki zimeshikiliwa. Ile 1,566 ikishaingia, toa birika, ongeza blenda, bonyeza “Recalculate”, kisha hakikisha kwa macho kuponi imeigusa blenda. Nyongeza yenyewe iombwe kwa tili moja kwa moja, na kwenye maelezo ya oda andika misimbo yote miwili ya M-Pesa pamoja na kiasi cha kila mmoja, kwa sababu mfumo hautaonyesha popote kwamba malipo yalikuja mara mbili.

Kabla boksi halijafungwa, linganisha jumla tatu. Pesa iliyoingia: 6,264 na 1,566. Karatasi: 6,264 kutoa 2,088, kuongeza 3,654. Vilivyomo ndani ya boksi: sufuria, vikombe na blenda, 8,700 kutoa asilimia 10. Zote zinapaswa kutoa 7,830. Zikiachana, kiasi cha tofauti chenyewe kitakuonyesha pa kutazama. Pengo la 232 maana yake birika limetolewa kwa bei ya dukani. Pengo la 406, blenda imeingia bila kuponi. Na ukikuta 174, makosa yote mawili yamefanyika pamoja, yakafichana.