Ng'ombe wa bandani na minyoo wa konokono

"Mwanangu, ng'ombe wangu hatoki bandani, mto haujui. Hao minyoo wa konokono wamepita wapi mpaka wakafika kwenye ini lake?"

Walikuja na mzigo wa majani kutoka tambarare. Shangazi yangu wa Kibosho, mlimani Kilimanjaro, ndiye aliyeuliza, na hakuridhika na jibu hilo, kwa sababu majani aliyaona mwenyewe yakishushwa kwenye pikapu: mabichi, marefu, na hakukuwa na konokono hata mmoja. Alikuwa sahihi. Konokono alibaki kwenye mfereji. Kilichopanda mlima ni kile alichokitoa.

Tuanzie huko chini, Mabogini au Chekereni. Ng'ombe wa kuchungwa anaingia kwenye mfereji wa mpunga kunywa maji, na akiwa humo humo anakunya. Kama ini lake lina minyoo bapa waliokomaa, kila mmoja wao anataga maelfu ya mayai kwa siku. Mayai hushuka na nyongo hadi utumboni na kutoka na mavi. Yai likibaki ndani ya kinyesi halipigi hatua. Linataka maji yalioshe litoke kwenye mavi, kisha joto. Kwa joto la tambarare, baada ya wiki mbili tatu linafunguka na kutoka kijidudu kisichoonekana kwa macho, mwili wote vinyweleo, kinaogelea. Kijidudu hiki hakili chochote. Kinaishi kwa akiba kilichozaliwa nayo, na akiba hiyo haivuki siku moja hivi. Kisipompata konokono katika muda huo, kimekwisha.

Na si konokono yeyote. Anayetakiwa ni mdogo, wa sentimita moja hadi mbili, gamba jembamba la kahawia, anayependa maji safi yanayokwenda taratibu penye majani. Wataalamu humwita Radix natalensis. Kumtambua kuna njia ya haraka: mshike ncha ya gamba ikitazama juu na mdomo wa gamba ukikutazama wewe. Mdomo ukiwa upande wako wa kulia, na hauna kifuniko, kuna uwezekano mkubwa ndiye. Ukiwa kushoto, huyo ni wa ukoo mwingine, ule ambao baadhi yao hubeba kichocho cha mkojo. Aliyejiviringa bapa kama kamba iliyokunjwa ndiye wa kichocho cha tumbo. Ukiwaokota, vaa glavu, maana maji ya mfereji huo huo yanaweza kukupa wewe kichocho.

Kijidudu kinapenya ngozi ya konokono na ndani yake kinafanya jambo ambalo mimi bado linanishangaza: kinazaa bila mwenza, watoto nao wanazaa, kizazi juu ya kizazi. Aliyeingia ni mmoja, watakaotoka ni mamia. Hii huchukua miezi miwili hivi au zaidi kwa mnyoo wetu wa nchi za joto, Fasciola gigantica. (Jina hilo alipewa mwaka 1855 na Mwingereza Cobbold, aliyemkuta kwenye ini la twiga. Wanaodhani ni ugonjwa ulioletwa na ng'ombe wa kisasa wakumbuke hilo.) Wanaotoka wana mkia kama viluwiluwi vya chura. Wanaogelea muda mfupi, wanagusa shina la jani au bua la mpunga, wanaachia mkia na kujifungia ndani ya kifuko kigumu, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Wengi hujibandika chini kidogo ya usawa wa maji. Wachache huelea tu juu ya maji, ndiyo maana hata ndoo ya maji ya mfereji si salama.

Sasa fuata kalenda ya Moshi. Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, zinayaosha mayai kutoka kwenye mavi na konokono wanaongezeka. Januari jua linakaza, maji yanashuka, na mashina yaliyokuwa chini ya maji yanabaki wazi yakiwa na vifuko vyake, bado mabichi na ya kijani. Wakati huo huo kule Kibosho na Uru majani yamekwisha, na wenye ng'ombe wanatuma gari tambarare. Mkataji anataka mzigo ujae haraka. Anakata chini kabisa, usawa wa tope.

Ng'ombe wa shangazi walikuwa wawili. Mzigo wa kwanza ulifika katikati ya Januari. Kifuko kilichomezwa kinafunguka kwenye utumbo mwembamba, mnyoo mchanga anatoboa ukuta wa utumbo, anavuka tumbo na kuingia ini kutoka nje. Kwa wiki kadhaa anatembea ndani ya nyama ya ini akiila, na ndipo anapoingia kwenye mirija ya nyongo. Kutaga mayai huanza kama wiki ya 13 hadi ya 16 tangu kumezwa.

Hizo wiki ndizo zilizomponza shangazi. Mwanzoni mwa Machi, wiki ya saba, aliona maziwa ya ng'ombe mkubwa yamepungua kutoka lita kumi hadi saba na manyoya yamesimama. Alipeleka kinyesi kupimwa; hakikuonekana kitu. Wale wa Januari wasingeweza kuonekana, maana walikuwa hawajaanza kutaga. Hata hivyo alinunua chupa ya Albendazole akamnywesha, kwa tahadhari. Dawa hiyo kwa minyoo wa ini inaua waliokomaa tu. Wale wa wiki saba waliendelea na safari yao. Aprili uvimbe ukaonekana chini ya taya, laini kama mfuko wa maji, na ukifunua kope la chini la jicho unakuta weupe badala ya wekundu. Mwisho wa Mei akaamua achinjwe. Mkaguzi wa nyama alipopasua ini, mirija ilikuwa minene na kisu kilikwaruza kama kinapita kwenye mchanga. Ndani mlikuwa na minyoo bapa kama majani makavu, mingine ya urefu wa kidole cha mtoto. Mirija migumu namna ile ilinionyesha kwamba hawakuwa wageni wa msimu mmoja tu. Majani ya mwaka wa nyuma nayo yalihusika, ingawa kile kipimo kimoja cha kinyesi hakikuonyesha mayai yao.

Kuna kosa la pili, na hili naliona kila wiki. Ng'ombe yule alikuwa na kilo 380 hivi. Kwa minyoo wa ini albendazole hutolewa miligramu 10 kwa kila kilo, zaidi ya ile ya minyoo wa tumbo. Chupa iliyoandikwa 10% ina miligramu 100 kwa kila mililita, kwa hiyo alihitaji mililita 38. Chupa ya shangazi ilikuwa ya 2.5%. Yeye alipima mililita 40 kama jirani alivyomwambia, na jirani alitumia ile ya 10%. Kwa chupa yake zilihitajika mililita 152. Alimpa robo. Soma asilimia kwanza, kisha pima kifua cha ng'ombe kwa tepu ya uzito. Kukadiria kwa macho karibu kila mara hupunguza. Ng'ombe aliyetoka kupandwa usimpe albendazole bila kumuuliza mtaalamu wa mifugo, kwani inaweza kudhuru mimba changa. Na ile sindano ya ivermectin ambayo wengi huamini inamaliza kila kitu, minyoo bapa haiwagusi.

Ipo dawa inayofika hadi kwa wachanga, triclabendazole, miligramu 12 kwa kilo kwa ng'ombe. Ni ghali zaidi na si kila duka linayo, na muda wa kutotumia maziwa ni mrefu, kwa hiyo lebo yake isomwe kabla ya kununua. Kwa ng'ombe wa shangazi aliyebaki tulichagua njia ya kusubiri. Mzigo wa mwisho wa tambarare ulifika mwisho wa Machi. Ukihesabu wiki 16 unafika wiki ya tatu ya Julai: kila mnyoo aliyemezwa amekomaa na dawa ya kawaida inamfikia. Kinyesi chake kilipimwa wiki hiyo kwa njia ya kutuamisha, yaani kinakorogwa na maji, kinachujwa na kuachwa mayai mazito yazame. Mwambie mpimaji unatafuta minyoo bapa, kwa sababu njia ya kuelesha mayai kwenye maji ya chumvi huwakosa. Mayai ya dhahabu yalikuwepo. Alinyweshwa kwa kipimo kamili. Angekuwa amevimba taya kama mwenzake tusingesubiri, tungetafuta ile ya ghali.

Dawa lakini haimzuii kumeza wengine Januari ijayo. Hapo kazi ni ya panga na jua. Watafiti waliofanya kazi kwenye mashamba ya mpunga ya Java Magharibi, nchini Indonesia, waliona vifuko viko sehemu ya chini ya mabua, wakashauri ng'ombe apewe sehemu ya juu tu au mabua yaanikwe juani siku tatu mfululizo. Kwetu nimewaambia wakataji waangalie alama ya tope kwenye shina, pale maji yalipofika yakiwa juu, na wakate shubiri moja juu yake. Mzigo unapungua, na mkataji anataka alipwe tofauti hiyo. Shangazi alinung'unika, akalipa. Kuanika kunamgusa zaidi, kwa sababu anaamini majani makavu hayatoi maziwa. Tukakubaliana ayaanike yakigeuzwa, kisha achanganye na vigogo vya mgomba vilivyokatwakatwa, ambavyo vina maji ya kutosha. Kuyarundika kivulini yakiwa mabichi hakusaidii kitu: kwenye unyevu kifuko kinaweza kukaa hai miezi.

Kuhusu mavi ya bandani hana wasiwasi mkubwa. Anayalundika wiki kadhaa kabla ya kuyapeleka kwenye kahawa na migomba, na joto la lundo linaua mayai. Nilimkataza jambo moja tu, kusafisha banda kwa kuelekeza maji kwenye mfongo, mfereji wetu wa mlimani, kwa sababu mfongo unashuka kwa wenzake wa chini.

Huko chini ndiko kugumu. Kuua konokono kwa mrututu nimeona kumejaribiwa: samaki walikufa, na baada ya msimu mmoja konokono walikuwa wamejaa tena kutoka mfereji wa jirani. Kinachopunguza kweli ni kung'oa majani ndani ya mfereji, kuukausha kabisa kila zamu ya maji inapoisha, na kuchota maji kwenda kwenye birika badala ya kumshusha ng'ombe mferejini. Mwenye ng'ombe sita pale Chekereni alijenga birika la saruji hatua ishirini kutoka kwenye mfereji na kuzungushia michongoma. Ng'ombe wake hawanyi tena majini. Wa jirani yake wanakunya bado, mita mia juu yake, na maji ni yale yale, kwa hiyo yeye naye anaendelea kuwanywesha dawa kila Julai.