Bondi ndefu za shaba hazitokani na ligandi dhaifu

Nimeisoma tena: eti kwenye kompleksi za shaba(II) bondi mbili ni ndefu kwa sababu ligandi za juu na chini, yaani molekuli au ioni zinazoishika shaba, ni dhaifu. Jamani. Najua hii kitu inatoka wapi, inatoka kwenye CuSO₄·5H₂O, ambayo kila mtu kaishika maabara. Mle ndani shaba imezungukwa na maji manne kwa karibu, halafu oksijeni mbili za salfeti ziko mbali zaidi (maji ya tano hayajashika shaba kabisa, yananing'inia kwa bondi za haidrojeni). Mtu akiangalia hapo anasema ahaa, salfeti ni dhaifu, ndo maana iko mbali, na kesi imeisha.

Haya, sasa nielezee CuF₂. Hapo ligandi zote sita ni floraidi, hakuna dhaifu wala kali, lakini nne ziko kama pikomita 193 na mbili ziko kama 227. Nani dhaifu hapo?

Tuanze kwenye elektroni basi. Shaba(II) ni d⁹, yaani ina elektroni tisa kwenye obitali za d. Kwenye oktahedra, ligandi sita zikiizunguka, elektroni sita zinajaza t₂g, kundi la chini la obitali tatu, tatu zinabaki eg, kundi la juu, na eg ina obitali mbili zenye nishati sawa, dz² na dx²-y². Tatu kwenye nafasi mbili, yaani moja inapata elektroni mbili na nyingine moja, na hakuna sababu ya kuchagua ipi. Sasa vuta kidogo ligandi mbili za mhimili wa z ziende mbali. dz² inashuka, tuseme kwa nusu ya δ, dx²-y² inapanda kwa nusu ya δ, yaani δ ni pengo jipya kati yao. Elektroni mbili zinakaa chini, moja juu, ukijumlisha umepata faida ya nusu δ. Hizo sita za t₂g nazo zinagawanyika lakini zimejaa, kwa hiyo kupanda na kushuka kunafutana, zisahau. Kuvuta bondi kuna gharama, sawa, ila gharama inakua kwa mraba wa umbali uliovuta wakati faida inakua moja kwa moja na umbali, kwa hiyo ukivuta kidogo tu faida inashinda kila mara. Ndo maana oktahedra kamili haiwezi kutulia. Nikeli(II) ni d⁸, elektroni moja moja kwenye eg, moja inashuka moja inapanda, faida sifuri, na kweli [Ni(H₂O)₆]²⁺ bondi zake sita zinalingana karibu kabisa.

Sasa kinachoniudhi zaidi, hata kwa watu wanaojua. Wanasema "dz² ina elektroni mbili, kwa hiyo inasukuma ligandi za z, kwa hiyo zinakuwa ndefu". Nani kakwambia hizo mbili ziko dz²? Umeziweka huko kwa sababu tayari unajua jibu! Ukibana z badala ya kuvuta, dx²-y² ndo inashuka, inapata elektroni mbili, na faida ni ile ile nusu δ. Jahn na Teller mwaka 1937 walithibitisha kwamba lazima umbo lipotoke, hawakusema lipotoke kuelekea wapi. Kwamba karibu shaba zote zinachagua kurefuka inabidi ueleze kwa vitu vingine, kama 4s kuchanganyika na dz² na bondi kuwa rahisi zaidi kuvutika kuliko kubanika, na kipi kina uzito zaidi bado wataalamu wanabishana. Na hata maji tu, kama shaba kwenye myeyusho inashika sita au tano, bado kuna ubishi.

Rangi je? dx²-y² imebaki peke yake juu ikiwa na nafasi moja, na elektroni za chini zinaruka kuingia hapo kutoka ngazi tofauti tofauti, ndo maana unapata mkanda mmoja mpana wa ufyonzaji wa mwanga usio na ulinganifu badala ya mistari mitatu safi. Kwenye maji kilele kiko karibu nanomita 800, nje kidogo ya macho, mkia wake tu ndo unafyonza nyekundu, kwa hiyo unaona bluu hafifu. Weka amonia, nne zinaingia kwenye zile nafasi za karibu, dx²-y² inasukumwa juu sana, kilele kinakuja karibu 600, na bluu inakuwa nzito.

Halafu ongeza amonia nyingi mno mpaka ya tano ishike kwenye z, kwa shida. Ungetegemea kilele kiendelee upande ule ule maana amonia ni kali kuliko maji, lakini kinarudi upande wa nyekundu! Ya tano inapandisha dz² na inalegeza zile nne, pengo mpaka dx²-y² linapungua. Anayeshikilia habari ya ligandi dhaifu aanze kwa kunielezea hiyo.